Kufupisha Notisi ya Mwenye Nyumba Bila Kupoteza Kiasi, Tarehe na Matokeo: Mwongozo Kamili

Wengi wanaojaribu kufupisha notisi ya deni la kodi hukosea kwa namna moja. Huanza kukata kutoka mwisho wa barua, kwa sababu mwanzo wake unaonekana rasmi zaidi na wa lazima. Kinachobaki ni salamu, jina la mkataba na kauli kwamba kodi haijalipwa. Kinachopotea ni sentensi iliyokuwa mstari wa tatu kutoka chini, ambayo ndiyo iliyoeleza kitakachotokea deni lisipolipwa. Wengine hubakisha kila kitu, lakini wananakili kiasi kisicho sahihi, au wanaandika "ndani ya siku 14" katika ujumbe ambao mpokeaji atausoma siku ya kumi.

Mwongozo huu unashughulikia aina moja tu ya notisi, yaani barua ya madai ya kodi iliyochelewa, pale msimamizi wa nyumba au mwenye nyumba anapotaka kumtumia mpangaji ujumbe mfupi wa simu unaoeleza jambo hilohilo. Hatua nyingi zinamfaa pia mpangaji anayetaka kuwaeleza wenzake wanaoishi naye maana ya barua waliyopokea, na pale ambapo kazi yake inatofautiana nimeeleza tofauti hiyo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Notisi yenyewe, kurasa zote, ikiwa na tarehe iliyoandikwa juu yake.
- Ushahidi wa siku ambayo mpangaji aliipokea, kama vile sahihi yake kwenye nakala.
- Mkataba wa upangaji, hasa vifungu vya kodi, faini na kusitisha mkataba.
- Orodha ya malipo yaliyofanyika, pamoja na tarehe zake.
- Kalenda inayoonyesha siku za wiki.
- Kalamu na karatasi, kwa sababu hesabu ni rahisi kuikagua ikiwa imeandikwa mstari kwa mstari.

Ikiwa hujui siku barua ilipopokelewa, simama hapo na uitafute kwanza. Kila tarehe utakayoandika baadaye inategemea siku hiyo.

## Barua tutakayoifanyia kazi

Barua ifuatayo ni ya mfano, na kiasi kilichomo kimewekwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Tuchukulie kwamba mpangaji aliisaini kuwa ameipokea Alhamisi tarehe 5 Machi 2026.

> 3 Machi 2026
>
> Kwa mpangaji wa Nyumba Na. 7
>
> YAH: MALIMBIKIZO YA KODI NA TOZO NYINGINEZO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunapenda kukukumbusha kwamba, kwa mujibu wa mkataba wa upangaji uliousaini, kodi ya kila mwezi ni shilingi 15,000 na inapaswa kulipwa ifikapo tarehe 10 ya mwezi husika. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba kodi ya Januari na ya Februari 2026, ambayo jumla yake ni shilingi 30,000, haikulipwa kwa wakati, ingawa tunakiri kupokea shilingi 9,000 tarehe 20 Februari. Aidha, ankara ya maji ya Februari yenye thamani ya shilingi 1,200 bado haijalipwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 9 cha mkataba, salio la kodi lililochelewa linatozwa faini ya asilimia 5, mara moja.
>
> Kwa hiyo unatakiwa kulipa kiasi chote unachodaiwa hadi tarehe ya barua hii ndani ya siku 14 tangu siku utakapoipokea, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho, kupitia akaunti iliyotajwa katika mkataba. Endapo una pingamizi kuhusu hesabu hii, liwasilishe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu siku hiyohiyo. Endapo kiasi hicho hakitalipwa chote katika muda uliotajwa, mwenye nyumba atakuwa huru kusitisha mkataba na anaweza kuwasilisha maombi mahakamani ili akabidhiwe nyumba na alipwe deni.
>
> Tunakukumbusha pia kwamba kodi ya Machi, shilingi 15,000, inapaswa kulipwa ifikapo tarehe 10 Machi kama kawaida. Tunathamini ushirikiano wako.

Barua hii si mbaya. Ina adabu, inakiri malipo yaliyofanyika na inataja kifungu cha mkataba. Hata hivyo, haitaji popote jumla ya deni, haitaji siku ya mwisho kwa jina wala kwa tarehe, na inamalizia kwa kiasi kingine chenye tarehe nyingine. Mtu anayeifupisha hawezi kunakili tu, kwa kuwa sehemu mbili kati ya tatu anazozitafuta hazimo katika maneno ya barua na ni lazima zikokotolewe.

## Hatua ya 1: Tenganisha madai na maelezo

Soma barua yote mara moja bila kuandika chochote. Isome tena ukiwa na kalamu, na upigie mstari kila mahali panapotaja fedha, muda, au jambo litakalofanywa na mtu fulani. Usipige mstari chini ya sababu, shukrani wala marejeo ya mkataba.

Katika barua yetu, mistari itaangukia viwango vya fedha vitano (15,000 ya kila mwezi, 30,000, 9,000, 1,200 na 15,000 ya Machi), faini ya asilimia 5, muda wa siku 14, muda wa siku 7, saa kumi na moja jioni, tarehe 10 na mambo mawili ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya. Tarehe 20 Februari ni ya malipo yaliyokwisha kufanyika, kwa hiyo itatumika katika hesabu na haitaingia katika ujumbe.

Sababu ya kusoma mara mbili ni kwamba barua za namna hii mara nyingi huweka sharti mahali pamoja na matokeo yake mahali pengine. Anayepiga mistari katika usomaji wa kwanza huchukua kiasi cha kwanza anachokutana nacho, na hapa angechukua 15,000, ambayo si deni hata kidogo.

Utajua umefanikiwa ikiwa unaweza kuonyesha kwa kidole sentensi moja inayoamuru malipo na sentensi moja inayoeleza matokeo. Ukikosa mojawapo, barua yenyewe ina upungufu, na upungufu huo haujazwi na mfupishaji bali na aliyeiandika.

## Hatua ya 2: Pata kiasi kimoja

Andika hesabu kwa mstari mmoja kwa kila kipengele:

- Kodi ya Januari na Februari: 30,000
- Toa malipo ya tarehe 20 Februari: 9,000
- Salio la kodi: 21,000
- Faini ya asilimia 5 ya 21,000: 1,050
- Maji: 1,200
- Jumla: 23,250

Mahali panapokosewa zaidi ni faini. Barua inasema faini inatozwa kwa salio la kodi, kwa hiyo haitozwi kwa 30,000, ambayo ingeleta 1,500, wala kwa kodi pamoja na maji, ambayo ingeleta 1,110. Tofauti ni ndogo, lakini mpangaji atakayeona kosa la shilingi 60 katika ujumbe ana haki ya kutilia shaka kiasi chote, na mazungumzo yatageuka kuwa ya hesabu badala ya malipo. Fungua kifungu chenyewe cha mkataba uthibitishe kwamba faini ni ya mara moja. Ikiwa inaongezeka kwa wiki au kwa mwezi, ujumbe unapaswa kutaja jumla itakayokuwa imefikiwa siku ya mwisho ya kulipa, si jumla ya siku ya kuandika.

Kodi ya Machi haiingii. Barua inadai kile kinachodaiwa "hadi tarehe ya barua hii", yaani 3 Machi, na siku hiyo kodi ya Machi ilikuwa bado haijachelewa. Ukiijumuisha utapata 38,250, na utakuwa umemdai mpangaji fedha ambazo notisi haikuzidai, huku ukizifunga kwenye tishio la kusitishiwa mkataba ambalo halizihusu. Ukitaka kumkumbusha kodi ya Machi, mtumie ujumbe wa pili unaojitegemea.

Je, ujumbe utaje mchanganuo au jumla peke yake? Nashauri utaje jumla kwanza, kisha mchanganuo mfupi ndani ya mabano. Jumla peke yake humfanya mpokeaji apige simu kuuliza imetoka wapi, hasa ikiwa kichwani mwake anakumbuka 30,000 kutoa 9,000. Mchanganuo bila jumla humwachia kazi ya kujumlisha, na mtu mwenye wasiwasi hujumlisha vibaya.

Utajua umefanikiwa ikiwa vipengele vilivyo ndani ya mabano, vikijumlishwa upya na mtu mwingine, vinatoa jumla ileile.

## Hatua ya 3: Geuza muda uwe tarehe

Maneno "ndani ya siku 14 tangu kupokea" yana maana kwa mtu mwenye barua mkononi siku aliyoipokea. Ndani ya ujumbe wa simu hayana mwanzo unaoeleweka, kwa kuwa msomaji anaweza kuhesabu kutoka siku ya ujumbe, kutoka tarehe iliyo juu ya barua, au kutoka siku aliyosaini. Kwa hiyo muda ni lazima ugeuzwe kuwa siku moja ya kalenda.

Barua yetu ilipokelewa 5 Machi. Ukihesabu kutoka tarehe iliyo juu ya barua utafika 17 Machi, na hilo ni kosa, kwa sababu barua yenyewe inasema tangu kupokea. Ukihesabu siku ya kupokea kuwa ya kwanza utafika 18 Machi. Ukianza siku inayofuata, yaani 6 Machi iwe siku ya kwanza, utafika 19 Machi.

Kati ya hizo mbili za mwisho, uchague ipi? Angalia kwanza kama mkataba au sheria ya mahali ulipo inaeleza namna ya kuhesabu siku. Katika mifumo mingi ya sheria siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, lakini usilichukulie jambo hilo kuwa la hakika bila kuangalia. Ikiwa hakuna maelezo na wewe unaandika kwa niaba ya mwenye nyumba, chagua tarehe ya mbali, hapa 19 Machi. Siku moja uliyoongeza haikupotezei chochote, ilhali siku moja uliyopunguza inaweza kumpa mpangaji hoja kwamba hakupewa muda wake wote. Ikiwa wewe ni mpangaji unayewafupishia wenzako, fanya kinyume chake: waandikie tarehe ya karibu, hapa 18 Machi, ili fedha ziwe zimefika hata kwa hesabu kali.

Tarehe ikishapatikana, iandike kwa namna isiyosomeka kwa njia mbili. Taja siku ya wiki pamoja na tarehe, kwa sababu vitu hivyo viwili hukaguana. Ukiandika "Ijumaa 19 Machi 2026" utagundua kwenye kalenda kwamba 19 Machi ni Alhamisi, na kosa litaonekana kabla ya kutuma. Andika mwezi kwa jina, kwa kuwa 5/3 wengine huusoma kuwa mwezi wa tano. Epuka "wiki ijayo", "keshokutwa" na "Alhamisi hii", ambazo hubadilika maana kadiri ujumbe unavyochelewa kusomwa au unavyosambazwa kwa mtu mwingine.

Neno linalotangulia tarehe nalo lina uzito. "Kabla ya tarehe 19" kwa maana yake halisi huishia tarehe 18. "Hadi tarehe 19" wengi huielewa kuwa pamoja na siku yenyewe, lakini wapo wasioielewa hivyo. Njia salama ni kutaja saa, na kwa bahati nzuri barua yetu inayo: "kabla ya saa 11 jioni, Alhamisi 19 Machi 2026". Saa iliyotajwa ndani ya siku inaonyesha wazi kwamba siku hiyo imo. Usisahau kuandika "jioni", kwa sababu simu nyingi zinaonyesha saa hiyo kuwa 5:00 au 17:00, na msomaji aliyezoea kusoma kioo cha simu anaweza kuichukua saa 11 kuwa ile inayoonyeshwa 11:00, yaani saa tano asubuhi au usiku.

Muda wa pingamizi unahesabiwa kwa njia hiyohiyo. Siku 7 kuanzia 6 Machi zinaishia Alhamisi 12 Machi.

Utajua umefanikiwa ikiwa msomaji anaweza kuweka alama kwenye kalenda bila kukuuliza lolote.

## Hatua ya 4: Nakili matokeo kwa uzito wake

Hii ndiyo hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote, kwa sababu kosa la hapa halionekani kama kosa. Ujumbe unakuwa mfupi, unasomeka vizuri, na unasema jambo ambalo barua haikusema.

Rudi kwenye sentensi ya barua. Mwenye nyumba "atakuwa huru kusitisha mkataba" na "anaweza kuwasilisha maombi mahakamani". Zote mbili zinaeleza uwezekano. Linganisha na fupisho hizi tatu:

- "Usipolipa utafukuzwa."
- "Usipolipa hatua kali zitachukuliwa."
- "Usipolipa zote, mwenye nyumba anaweza kusitisha mkataba na kwenda mahakamani kudai nyumba na deni."

Ya kwanza imeongeza uzito. Imegeuza uwezekano kuwa uhakika, imeruka mahakama, na imeacha picha ya mtu anayetolewa nje na vyombo vyake tarehe 20 Machi. Mahali pengi mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na ujumbe kama huo unaweza kutumika dhidi ya aliyeutuma.

Ya pili imepunguza uzito huku ikijifanya kali. Haimtaji mtendaji, kwa kuwa kitenzi "zitachukuliwa" kinamficha, na haisemi hatua ni zipi. Mpangaji aliyewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo mara kadhaa bila chochote kutokea ataupuuza, na hatakuwa amekosea sana, kwa kuwa hakuelezwa kitu.

Ya tatu inamtaja mtendaji, inabakisha "anaweza", na inataja hatua zote mbili kwa mpangilio wake. Neno "zote" nalo limebaki kwa makusudi. Barua inasema matokeo yatafuata ikiwa kiasi "hakitalipwa chote", kwa hiyo mpangaji anayelipa 15,000 akidhani amejinusuru anapaswa kujua kwamba bado yumo hatarini. Neno moja la herufi nne linabeba sharti hilo, na ndilo watu hukata kwanza wanapotafuta nafasi.

Ikiwa barua unayoifupisha yenyewe inasema tu "hatua za kisheria zitachukuliwa", usibuni hatua hizo kwa niaba ya mwenye nyumba. Mwulize anakusudia nini, na kama hawezi kusema, nakili maneno yake jinsi yalivyo.

Utajua umefanikiwa ikiwa unaweza kuweka sentensi yako kando ya ile ya barua na kujibu ndiyo kwa maswali mawili: je, mtendaji ni yuleyule, na je, uhakika ni uleule?

## Hatua ya 5: Andika ujumbe kwa mpangilio usiobadilika

Anza na nyumba inayohusika, fuata kiasi, kisha siku, kisha matokeo. Haki ya kupinga na marejeo ya barua viwe mwisho. Mpangilio huu una sababu: simu ikilia, mpokeaji huona mistari ya mwanzo tu juu ya kioo, na mistari hiyo ikiwa ni "Habari za leo, tunapenda kukujulisha kwamba kwa mujibu wa", atauacha ujumbe asome baadaye.

Huu ndio ujumbe wetu:

> Nyumba 7: Unadaiwa sh 23,250 (kodi 21,000, maji 1,200, faini 1,050). Lipa zote kabla ya saa 11 jioni, Alhamisi 19 Machi 2026. Usipolipa zote, mwenye nyumba anaweza kusitisha mkataba na kwenda mahakamani kudai nyumba na deni. Kama unapinga hesabu, andika hadi 12 Machi. Soma barua ya 3 Machi.

Angalia jinsi vitenzi vinavyofanya kazi. "Unadaiwa", "lipa" na "usipolipa" vinamzungumzia msomaji moja kwa moja, na kila kimoja kinabeba ndani yake kile ambacho barua ilikieleza kwa kikundi cha maneno: "kiasi chote unachodaiwa", "unatakiwa kulipa", "endapo kiasi hicho hakitalipwa". Kiswahili kinakuruhusu kukata hapa bila kupoteza maana, kwa hiyo kata hapa kabla ya kugusa tarakimu au masharti.

Watu wengi wataona kwamba sentensi ya pingamizi ingeweza kuachwa, kwa kuwa si kiasi, si siku ya kulipa, si matokeo. Mimi siiachi. Ni haki yenye siku yake ya mwisho, na siku hiyo inatangulia ile ya kulipa. Mpangaji anayetegemea ujumbe peke yake angeipoteza bila kujua kwamba alikuwa nayo. Nimeiweka baada ya matokeo na kuipa kitenzi chake, "andika", ili tarehe 12 isichanganywe na tarehe 19. Ikiwa barua yako haina haki ya namna hiyo, ujumbe utakuwa mfupi zaidi.

Kuhusu heshima, ujumbe wa deni hauhitaji ukali wala kubembeleza. Ukitaka salamu, neno moja linatosha. Kinachoudhi zaidi wapangaji ni herufi kubwa tupu na alama za mshangao, ambazo haziongezi taarifa yoyote.

## Hatua ya 6: Pima urefu

Ujumbe wa kawaida wa simu una nafasi ya herufi 160, zikihesabiwa pamoja na nafasi tupu na alama. Ukizidi hapo, simu inaugawa katika vipande vya herufi 153 kila kimoja na kuviunganisha tena upande wa mpokeaji. Ujumbe wetu una herufi 291, kwa hiyo unaingia katika vipande viwili, ambavyo uwezo wake wote ni 306.

Usijilazimishe kufika 160. Ukijaribu na ujumbe huu utalazimika kutoa mchanganuo, haki ya kupinga na marejeo ya barua, na bado utakuwa umezidi, mpaka uanze kung'oa maneno "anaweza" na "zote". Gharama ya kipande cha pili ni ndogo kuliko gharama ya sharti lililopotea.

Lipo jambo moja la kiufundi ambalo huwashangaza wengi. Hesabu ya 160 ni ya herufi za kawaida tu. Ukiingiza alama moja isiyo ya kundi hilo, kama vile kikaragosi, mstari mrefu au ritifaa iliyopinda, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kila kipande kubeba herufi 70 tu, au 67 ukigawanywa. Ujumbe wetu ungekuwa vipande vitano. Ritifaa iliyopinda huja kwa urahisi pale unapoandika neno kama "ng'o" katika programu ya kuandikia barua kisha ukalinakili kwenye simu. Ukiona hesabu ya vipande imeruka ghafla, tafuta alama ya namna hiyo, uifute na uiandike upya kwa kibodi ya simu ukitumia ile iliyonyooka.

Utajua umefanikiwa ikiwa simu inaonyesha vipande viwili kabla ya kutuma.

## Hatua ya 7: Mpe mtu asiyejua habari

Mwonyeshe ujumbe mtu ambaye hajaiona barua, kisha uufiche na umuulize maswali manne: Ni kiasi gani? Mwisho lini? Asipolipa, nani anaweza kufanya nini? Akilipa nusu, atakuwa salama? Usimsaidie kujibu wala usimweleze ulichokusudia.

Akikosea swali la tatu kwa kusema "atafukuzwa", sentensi yako ya matokeo inasomeka kwa uzito kupita kiasi, hata kama kila neno ni sahihi. Akikosea la nne, "zote" haionekani vya kutosha. Akitaja tarehe 12 badala ya 19, rudisha sentensi ya pingamizi mbali zaidi na ile ya malipo, au uitume kama ujumbe wa pili.

Kisha fanya ukaguzi wa kinyume. Chukua kila tarakimu iliyo katika ujumbe na uitafutie mahali pake katika barua au katika karatasi ya hesabu. Tarakimu isiyo na mahali ilipotoka isitumwe.

## Hatua ya 8: Tuma, na uhifadhi

Tuma kwa mpangaji mwenyewe. Usiweke ujumbe wa deni katika kundi la wapangaji wote, hata kama namba ya nyumba ndiyo iliyotajwa na jina halipo, kwa sababu majirani wanajua ni nani anayeishi Nyumba 7. Katika sheria za nchi nyingi kumtangazia mtu deni lake mbele ya wengine kunaweza kuwa kosa, na hata pale ambapo si kosa kunaharibu nafasi ya kuelewana.

Ujumbe huu hauchukui nafasi ya notisi. Mikataba na sheria nyingi hutaka notisi iwe ya maandishi na iwasilishwe kwa njia maalumu, na ujumbe wa simu unaweza usihesabiwe. Tuma barua kwanza, upate sahihi ya kupokelewa, ndipo utume ujumbe. Ndiyo maana mstari wa mwisho unamrudisha msomaji kwenye "barua ya 3 Machi". Ikiwa ujumbe na barua vinatofautiana, utakuwa umempa mpangaji hati mbili zinazopingana, na kila upande utashika ile inayoufaa.

Hifadhi picha ya ujumbe ikionyesha siku na saa ulipotumwa, pamoja na karatasi ya hesabu, katika faili moja na nakala ya barua.

Mpangaji akilipa sehemu ya deni kabla ya siku ya mwisho, tuseme 10,000 tarehe 11 Machi, usijibu "asante, bado salio". Mwandikie ujumbe mpya uliokamilika: umepokea kiasi gani na lini, salio ni 13,250, siku ya mwisho inabaki Alhamisi 19 Machi 2026 saa 11 jioni, na matokeo ni yaleyale. Ikiwa mwenye nyumba amekubali kusogeza tarehe, itajwe tarehe mpya, na isemwe wazi kwamba inachukua nafasi ya ile ya barua. Kabla ya kuituma, hakikisha mwenye nyumba ameikubali kwa maandishi, kwa sababu msimamizi anayeongeza siku kwa hiari yake mwenyewe anaweza kujikuta ametoa ahadi ambayo mwenye nyumba hakuikubali.